Hisa za upendeleo za milioni 600: mkaguzi kazihamishia kwenye madeni, mwenyekiti hataki kusaini hesabu

BintiRungwe (mwanzisha uzi), Jumanne saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua hesabu za kampuni, hasa waliowahi kukutana na hisa za upendeleo.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya familia huku Tukuyu. Tunanunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe, tunachambua, tunafungasha na kusafirisha. Mwanzoni mwa 2023 tulihitaji chumba cha baridi na mashine ya kupanga matunda kwa ukubwa. Benki ilitukopesha milioni 700, hazikutosha. Ndugu wa mwenyekiti anayeishi Dar akaleta milioni 600. Hakutaka kuitwa mkopeshaji, akapewa hisa za upendeleo tarehe 1 Januari 2023. Wakili aliandika mkataba, cheti cha hisa kikatoka, BRELA wakajulishwa. Mimi nikaziweka kwenye mtaji, chini ya hisa za kawaida, na hesabu za 2023 zikakaguliwa zikapita hivyo.

Mwaka huu tumebadilisha mkaguzi. Siku ya pili tu aliniambia, "Cheti nimekiona, sasa naomba mkataba wenyewe." Akasoma ukurasa wa nne kimya, akaweka kidole kwenye kifungu, akasema hizi ni deni, na mwaka jana pia zilikuwa deni. Vifungu vyenyewe ni hivi:

4.1 Mwenye hisa atapata gawio la asilimia 8 kwa mwaka (kwetu ni milioni 48).
4.2 Mwaka ambao gawio halikulipwa, litalimbikizwa.
4.3 Kampuni itazikomboa hisa zote tarehe 31 Desemba 2027 kwa shilingi milioni 600, pamoja na gawio lote lililolimbikizwa.

Magawio ya 2023 na 2024 tumeshayalipa yote.

Shida iko benki. Mkataba wa mkopo unasema madeni yasizidi mara 2 ya mtaji. Nilivyokuwa nimeandika mimi, deni ni 700 na mtaji ni 1,020 (hisa za kawaida na faida iliyobaki 420, za upendeleo 600). Tulikuwa salama kabisa. Alivyoandika mkaguzi, deni ni 1,300 na mtaji ni 420. Hiyo ni mara 3.1.

Mwenyekiti, mzee wetu, amekataa kusaini. Anasema, "Mwanangu, ndugu yangu ana cheti cha hisa mkononi. Cheti kimeandikwa hisa. Nani amegeuza hisa kuwa deni?" Na mimi sina jibu la kumpa mzee akaelewa. Mkaguzi yuko sahihi?

---

Kamwene_Iringa, Jumanne saa 2:47 usiku

Kamwene dada. Mimi naona mkaguzi wenu amekosea, na mna hoja ya kisheria ya kumjibu.

Sheria yetu ya makampuni ya 2002 hairuhusu kampuni kukomboa hisa hivihivi tu. Lazima itumie faida inayoweza kugawiwa, au fedha za toleo jipya la hisa. Sasa kama 2027 hakuna faida na hakuna toleo jipya, kampuni hailipi, na huyo ndugu hana la kufanya. Deni gani hilo ambalo sheria yenyewe inakukataza kulilipa? Deni la kweli ni la benki, ambayo haikuulizi kama umepata faida.

Mwambie mkaguzi aje na jibu la hilo.

---

MzeeWaMizania, Jumanne saa 3:32 usiku

Nimekagua hesabu za makampuni Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, sasa nimepumzika hapa Mbeya. Binti, mkaguzi wako yuko sahihi, na nitakueleza kwa maneno ambayo mzee wako atayaelewa.

Kwanza nimjibu ndugu yangu wa Iringa, maana sheria ameitaja vizuri ila hitimisho ndilo si sahihi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 32, kimeliona hilo jambo na kikalijibu waziwazi kwenye mwongozo wake, AG25. Kampuni kukosa fedha, kuzuiwa na sheria au kutokuwa na faida ya kutosha hakufuti wajibu iliojifunga nao kwenye mkataba. Mkulima aliyekopa mbolea halafu mvua zikakataa bado anadaiwa. Kushindwa kulipa kwa wakati ni jambo moja, kutokuwa na wajibu wa kulipa ni jambo jingine.

Sasa swali lenyewe. Ukiwa na hisa yoyote mezani usiulize inaitwaje. Uliza, je, kampuni ina uwezo wa kukataa kutoa fedha bila kuvunja mkataba? Jifanye wewe ndiye bodi, mwenye hisa amekuja mlangoni anataka fedha yake. Ukiweza kumwambia "mwaka huu hapana, na mwakani pia huenda hapana" naye hana kifungu cha kukushitakia, huo ni mtaji. Ukiwa huwezi, hilo ni deni, hata cheti kiwe kimepigwa mihuri kumi.

Soma 4.3 kwa jicho hilo. Tarehe ipo, kiasi kipo, na neno ni "itazikomboa", siyo "inaweza kuzikomboa". Bodi haina pa kukataa. Aya ya 18 ya kiwango hichohicho inatoa mfano wa hisa ya namna hii hasa, yenye ukombozi wa lazima kwa kiasi kinachojulikana kwa tarehe inayojulikana, na inaiita dhima, yaani deni. Inaitwa dhima vilevile pale mwenye hisa ndiye mwenye haki ya kudai akombolewe, hata kama hajawahi kudai.

Kwa hiyo mzee umwambie hivi: cheti hakijabadilika, ni hisa na zitabaki hisa BRELA. Ila mizania inaonyesha kampuni imeahidi nini, na mliahidi milioni 600 tarehe 31 Desemba 2027.

---

KahawaMbozi, Jumanne saa 4:05 usiku

Samahani wakuu kwa kudandia uzi. Mimi ni mjumbe wa bodi ya chama chetu cha ushirika cha kahawa huku Mbozi. Kila mwanachama ana hisa, na akijitoa huwa tunamrudishia fedha yake. Ina maana hisa zetu zote ni madeni? Maana tukiandika hivyo mtaji wetu unabaki akiba tu za miaka ya nyuma, na mkutano mkuu utawaka moto.

---

MzeeWaMizania, Jumanne saa 4:20 usiku

KahawaMbozi, hisa zenu siyo za upendeleo, lakini swali ni lilelile na lina tafsiri yake yenyewe, IFRIC 2. Fungua masharti ya chama. Kama bodi ina haki isiyo na masharti ya kumkatalia mwanachama, au sheria au masharti yanakataza kabisa kurudisha, ni mtaji. Kama katazo ni la kiwango, mfano jumla ya hisa isishuke chini ya kiasi fulani, basi kiasi hicho ni mtaji na kinachozidi ni deni. "Huwa tunamrudishia" ni mazoea, mazoea hayaamui. Kinachoamua ni maandishi. Ukiyapata anzisha uzi wako tuyasome pamoja.

---

MamaNjombe, Jumatano saa 1:15 asubuhi

Mimi niko upande wa pili. Nina hisa za upendeleo kwenye kampuni ya mbao, na mkataba wangu unafanana sana na huu. Nimesoma uzi huu nimefurahi, maana kumbe mimi ni mdai. Kampuni ikifilisika nitasimama foleni moja na benki na wauzaji, sivyo?

---

MzeeWaMizania, Jumatano saa 1:50 asubuhi

Hapana mama, na afadhali umeuliza mapema. Hesabu zikiandika deni hazikubadilishii cheo chako kisheria. Kwenye ufilisi mfilisi atafungua sheria na katiba ya kampuni, hataangalia mhasibu aliweka mstari wapi. Wewe ni mwenye hisa. Unasimama nyuma ya wadai wote na mbele ya hisa za kawaida, kama katiba ilivyosema. Mstari ule kwenye mizania unamwambia msomaji fedha zitatoka lini na kwa lazima gani. Haukupi dhamana juu ya msumeno wala gari la kampuni.

---

BintiRungwe, Jumatano saa 6:30 mchana

Shikamoo mzee, na ahsante sana. Nimeongea na mwenyekiti asubuhi hii. Mfano wa mbolea umemwingia, yeye mwenyewe aliwahi kukopa pembejeo.

Ila kauliza swali ambalo limenishinda. Anasema, "Sawa, milioni 600 tumeahidi. Lakini gawio mbona hatukuahidi? Kifungu cha 4.2 kinasema kama hatukulipa linalimbikizwa, maana yake tuna hiari. Basi angalau nusu iwe mtaji." Nimesikia kuna hisa zinazogawanywa, sehemu deni sehemu mtaji. Hizi zetu haziwezi?

---

MzeeWaMizania, Jumatano saa 8:12 mchana

Marahaba. Mzee wako ameuliza swali zuri kuliko wahasibu wengi ninaowajua. Jibu limo kwenye maneno ya mwisho ya 4.3: "pamoja na gawio lote lililolimbikizwa".

Fikiria kwanza mkataba usio na maneno hayo. Ukombozi ni lazima 2027, lakini gawio ni hiari ya bodi, na lisipotangazwa limepotea. Hapo kweli mngegawa. Deni lingekuwa thamani ya leo ya hizo milioni 600, kwa riba ambayo soko lingewatoza kwa deni kama hilo lisilo na sehemu ya mtaji. Tuseme riba hiyo ni asilimia 15. Milioni 600 za miaka mitano ijayo ukizirudisha leo ni milioni 298.3. Hilo ndilo deni la siku ya kwanza, na milioni 301.7 zinazobaki zinakwenda kwenye mtaji. Gawio mkilitangaza linatoka kwenye faida iliyobaki kama gawio lolote.

Lakini deni hilo halitulii. Kila mwaka linapandishwa kwa asilimia 15 na ongezeko linaandikwa kama gharama ya riba, ingawa hakuna shilingi iliyotoka benki: milioni 44.7 mwaka wa kwanza, 51.5 wa pili, na kuendelea mpaka lifike 600 kamili siku ya ukombozi. Mwisho wa 2024 lingekuwa 394.5, na uwiano wenu wa benki ungekuwa kama mara 1.75. Mngepona. Ila mkopo ukibaki palepale na kampuni isipopata faida nyingine, mwisho wa 2025 deni linafika 453.7 na uwiano unavuka mara 2. Kwa hiyo hata huo mgawanyo ungewanunulia mwaka mmoja tu.

Sasa rudi kwenye mkataba wenu halisi. Gawio msilolipa linaongezwa kwenye bei ya ukombozi. Maana yake bodi haina hiari ya kulipa au kutolipa. Ina hiari ya kulipa sasa au kulipa 2027. Kuchelewesha siyo kukataa. AG37 inasema waziwazi kwamba ikiwa hivyo hisa hizo zote ni dhima, na gawio ni gharama ya riba. Hakuna nusu.

Ndiyo maana zile milioni 48 za mwaka mkaguzi atakuwa amezishusha kwenye taarifa ya faida na hasara. Angalia, naamini utazikuta hapo.

---

BintiRungwe, Jumatano saa 8:40 mchana

Ni kweli mzee. Faida ya 2024 ilikuwa milioni 96, sasa inasomeka 48. Faida iliyobaki kwenye mizania haikubadilika, nilidhani amekosea kujumlisha.

---

MzeeWaMizania, Jumatano saa 8:55 mchana

Hajakosea. Zamani zile 48 ulizitoa baada ya faida, yeye amezitoa kabla. Mwisho wa safari ni palepale.

---

CPA_Makambako, Jumatano saa 12:20 jioni

Mzee amemaliza upande wa hisa. Nataka kuongeza kitu ambacho naona hakijaguswa na ndicho kitakachomuumiza BintiRungwe.

Angalia ule mkopo wa benki wa milioni 700. Kama sharti la mara 2 lilikuwa limevunjika tarehe 31 Desemba 2024, na kwa hilo benki ina haki ya kudai mkopo wote mara moja, na mpaka siku hiyo ilikuwa haijakubali kuahirisha haki yake kwa angalau miezi 12, basi mkopo wote unahamia kwenye madeni ya muda mfupi. Hivyo ndivyo IAS 1 inavyotaka. Haijalishi kwamba hamjakosa rejesho hata moja. Na barua ya msamaha ikija mwezi huu haiurudishi mkopo nyuma. Unaieleza kwenye maelezo ya hesabu, lakini mizania ya Desemba inabaki kama Desemba ilivyokuwa.

Pili, hesabu za 2023 lazima zisahihishwe kama kosa la kipindi kilichopita. Mkataba haukubadilika 2024. Ulisomwa vibaya tangu mwanzo.

Ila kabla hamjalia, soma mkataba wa benki unavyotafsiri "deni" na "mtaji". Mikataba mingine ina tafsiri yake, na fedha za wanahisa zilizowekwa nyuma ya benki huhesabiwa kama mtaji bila kujali hesabu zinasemaje. Nimeona kampuni ikinusurika kwa sentensi moja ya aina hiyo.

---

BintiRungwe, Jumatano saa 3:05 usiku

Nimefungua mkataba wa benki hapa nikisoma kwa mwanga wa simu, umeme umekatika. Unasema "jumla ya madeni na jumla ya mtaji kama yanavyoonekana kwenye hesabu zilizokaguliwa". Na ukivunjwa, benki "inaweza kudai mkopo wote".

---

CPA_Makambako, Jumatano saa 3:18 usiku

Pole dada. Basi umevunjwa. Nenda benki na rasimu mkononi kabla hawajaisikia kwingine.

---

Kamwene_Iringa, Jumatano saa 3:40 usiku

Nimekubali kuhusu ukombozi, nimeisoma hiyo AG25 mwenyewe. Swali langu lingine ni la kodi. Kama gawio sasa ni riba kwenye hesabu, si wanaweza kuliondoa kwenye faida inayotozwa kodi?

---

CPA_Makambako, Jumatano saa 4:02 usiku

Usifanye hivyo kwa sababu tu hesabu zimesema. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina tafsiri zake za gawio na riba, na kisheria huyu ndugu bado ni mwenye hisa anayepokea gawio. Kodi ya zuio kwa kampuni isiyo kwenye soko la hisa ni asilimia 10 iwe gawio au riba, hapo hakuna tofauti. Tofauti kubwa ni kuondoa au kutoondoa hizo 48. Mimi nisingeziondoa bila kupata ufafanuzi wa TRA kwa maandishi.

---

BintiRungwe, Jumatatu saa 1:45 usiku

Nimerudi, wakuu.

Mwenyekiti amesaini Ijumaa. Alisaini mezani kwangu, kreti za parachichi zikipakiwa nje, akaniambia nimpigie ndugu yake Dar nimweleze kama nilivyomweleza yeye. Nimempigia. Mkopo wa benki umekaa kwenye muda mfupi, 2023 imesahihishwa. Benki wamepokea rasimu na barua yetu, wanajadili.

Ndugu amekubali kubadilisha mkataba. Wakili ameandika rasimu mpya: tarehe ya ukombozi inaondolewa, kampuni "inaweza" kukomboa wakati wowote ikiamua yenyewe, mwenye hisa hana haki ya kudai akombolewe. Gawio la asilimia 8 "litalipwa iwapo litaidhinishwa na mkutano mkuu wa wanahisa". Kwa kumlinda, hisa za kawaida hazitapata gawio mpaka zake zilipwe kwanza. Hii itapita?

---

MzeeWaMizania, Jumatatu saa 2:30 usiku

Hongera kwa kazi, na mpe mwenyekiti salamu.

"Inaweza" ni sawa. Deni lingezaliwa siku mtakapompa taarifa rasmi kwamba mnakomboa. Kizuizi cha gawio la hisa za kawaida nacho ni sawa. Kinawabana nyinyi mkitaka kujilipa, hakiwalazimishi kumlipa yeye. Hata mkimlipa kila mwaka miaka kumi, mazoea hayo hayageuzi mtaji kuwa deni. Mabadiliko yanahesabika kuanzia siku mtakapoyasaini, hayaendi nyuma. Na siku hiyo usihamishe zile 600 kwa mstari mmoja tu. Hisa mpya zinapimwa kwa thamani yake halisi na tofauti ina pa kwenda, kaa na mkaguzi kwanza.

Kwenye mkutano mkuu mimi sina wasiwasi. Mkutano mkuu ni chombo cha kampuni, uamuzi wake ni uamuzi wa kampuni.

---

CPA_Makambako, Jumatatu saa 2:58 usiku

Hapo tutatofautiana mzee, kwa heshima. BintiRungwe, huyo ndugu ana hisa za kawaida pia?

---

BintiRungwe, Jumatatu saa 3:04 usiku

Anazo, asilimia 30. Na mke wa mwenyekiti, ambaye ni dada wa huyo ndugu, ana 25.

---

CPA_Makambako, Jumatatu saa 3:25 usiku

Ndicho nilichoogopa. Wakikaa pamoja wana 55. Wakipiga kura pale, wanapiga kama kampuni au wanapiga kama watu wanaodai gawio lao? Kiwango cha sasa hakisemi wazi lini uamuzi wa wanahisa ni uamuzi wa kampuni. Bodi ya viwango ya kimataifa yenyewe iliona pengo hilo, ikaliweka kwenye rasimu yake ya Novemba 2023 kuhusu vyombo vya fedha vyenye sura ya mtaji, na humo wanapendekeza mambo ya kuangalia, kama vile uamuzi ni wa kawaida wa shughuli za kampuni au la. Mimi ningeuondoa mkutano mkuu, niandike "iwapo bodi ya wakurugenzi itaamua".

---

MzeeWaMizania, Jumatatu saa 3:50 usiku

Hoja ya asilimia 55 ni nzito, naikubali kama tahadhari. Bado naamini mkutano mkuu unaoidhinisha gawio kwa utaratibu wake wa kawaida ni kampuni yenyewe, na wakaguzi wengi wamelikubali hivyo. Lakini kama neno moja linaweza kuondoa ubishi, liondoeni.

---

BintiRungwe, Jumatatu saa 4:10 usiku

Nimemwandikia wakili sasa hivi abadilishe iwe bodi. Bodi ni watu watatu, ndugu hayumo. Wakili ameuliza kama dada yake akiingia kwenye bodi mwakani itakuwaje. Sijamjibu.